Sauti ya Chini Isiyokoma

Jumatatu, 3 Februari

Friji linanguruma tena. Mmmmm, kutwa nzima. Msimamizi wa jengo anasema fundi atakuja. Alisema hivyohivyo kabla ya Krismasi. Nimelikandamizia taulo kwa nyuma. Wapi.

Kazini, kwenye nyumba ya wazee, mashuka mlima. Wazee wote wana mafua. Mgongo hauna adabu.

Nimepika maharage, Neema hakula. Leo amempelekea kondakta, yule mwongoza okestra, muziki wake. Akiukubali, okestra nzima itaupiga Aprili. Darasa zima chuoni walikuwa wanaitaka nafasi hiyo, akapewa mwanangu. Rekodi yake ndiyo ataituma shule ya watunzi kule Montreal. Bila rekodi ya okestra hawakuangalii mara mbili, anasema.

Natazama simu yake utadhani nimeuandika mimi.

Alhamisi, 6 Februari

Umerudishwa.

Si mbaya, kondakta amesema. Umeandikwa vizuri sana. Ila amemuuliza, wewe mwenyewe uko wapi humu ndani?

Neema amelia bafuni, maji kayafungulia nisisikie. Nilisikia.

Muziki wenyewe unahusu nyumba yetu hii ya Weston. Dirisha, theluji, treni ya uwanja wa ndege inayopita hapo chini. Mtoto kazaliwa hapahapa. Tanzania kaiona mara mbili, na mara ya kwanza alikuwa mgongoni. Lakini kondakta anataka Afrika. Onyesho lake linaitwa Sauti za Mataifa. Wengine wote ni watunzi wa Kizungu wa karne ya kumi na tisa, kila mmoja na nchi yake kifuani kama mchezaji mpira. Neema awe wa mwisho, na nchi yake.

Nikasema, si umtilie kangoma kidogo yaishe? Aliniangalia jicho lile la bibi yake. Nikaenda kukunja nguo.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya ibada tumechambua mchicha na Neema amenifundisha. Mimi shule niliishia la tano, lakini huyu akieleza naelewa. Naandika nisisahau.

Alichukua viola. Si fidla, miaka mingi amenisahihisha. Viola ni dada yake mkubwa, sauti nzito. Akavuta noti moja ya chini, ndefu, haikomi. Juu yake akacheza kawimbo, na noti ya nne akaipandisha kidogo, inauma kama limau. Mama, hii ni nchi gani? Nikasema Urusi. Akacheza nyingine, chini vilevile, sauti ileile isiyokoma. Nchi gani? Nikasema basi hiyo ndiyo Urusi, ile ya kwanza Waskoti. Akacheka mpaka upinde ukamponyoka. Ya kwanza Norwe, ya pili Poland. Na Mhungaria naye ana hiyohiyo, na Mcheki. Zumari la mfuko lilipigwa vijijini karibu Ulaya nzima, na sauti yake ya chini haikomi. Kwa hiyo mtunzi akitaka watu mjini wasikie kijiji, anaweka hiyo sauti. Kijiji gani? Kitabu cha onyesho ndicho kitakachokwambia. Masikio peke yake hayajui.

Nikamwambia basi friji letu nalo ni la kijijini.

Tena akasema wengi wao hata nyimbo za kijijini hawakuzichukua. Mcheki mmoja ngoma zake maarufu alichukua mwendo tu, vishindo vya mbili na tatu vinavyogombana, nyimbo akatunga mwenyewe. Na aliyemwomba aziandike ni mchapaji wa Berlin. Ngoma za Kihungaria za Mjerumani fulani zilikuwa zimeuzwa kama maandazi, mchapaji akataka nyingine za kabila jingine. Hata jina la Mcheki wakalichapa Kijerumani, akagomba nao. Ila hivyo vitu vya kwao ndivyo vilivyomfungulia dunia. Halafu akiandika simfonia, muziki mrefu wa okestra nzima, kama ya wakubwa, Vienna wanasitasita, ah, huyu Mcheki. Akicheza cha kwao ni mshamba mtamu. Akiandika cha dunia anaambiwa anaiga.

Mjerumani je? Nikamuuliza. Mjerumani akitia wimbo wa kijijini kwake kwenye simfonia, Neema akasema, hakuna anayeita muziki wa taifa. Unaitwa muziki.

Nikarudi kuchambua. Mchicha ulikuwa na mchanga.

Lakini alisema pia tusiwaonee. Walipenda kwao kweli. Wacheki walikuwa chini ya mfalme wa Vienna, wakachangishana mpaka wakajenga jumba lao la maonyesho. Na mmoja wa wakubwa wao alikulia Kijerumani, Kicheki cha kuandika akajifunza akiwa mtu mzima. Hapo nikacheka mimi. Kama watoto wetu wa hapa, unawasalimia Kiswahili wanakujibu Kiingereza, halafu siku ya uhuru wamejifunga bendera.

Jumamosi, 15 Februari

Nimempelekea Neema maandazi mazoezini. Kondakta akaja kunisalimia mwenyewe. Mtu mpole, skafu nzuri. Kala maandazi matatu. Kaniuliza kama nina wimbo wa kwetu. Nikasema, nani hana?

Nikamwimbia ule wa kumtoa bibi harusi. Hapohapo kwenye korido, na koti langu la kazini. Akanyanyua simu akanirekodi. Wa siku nyingi? akauliza. Nikasema wa zamani sana, bibi yangu aliimbiwa huo. Macho yake yakawaka.

Nimerudi na basi nikitabasamu peke yangu. Nimemsaidia mwanangu.

Jumatatu, 17 Februari

Sikumsaidia.

Kondakta amemtumia Neema sauti yangu. Amesema sasa tunayo mbegu, tunga juu ya huu.

Neema kaingia, hata viatu hajavua. "Mama, nilikuwa natafuta pa kutokea, wewe umekuja kunifungia kwa nje!"

Alisema kwa Kiswahili, chote. Ndipo nikajua ameumia.

Baba Neema kapiga simu, yuko na lori lake njia ya Winnipeg. "Siku hizi umekuwa meneja wa wanamuziki, Mama Neema? Mimi nitafutie hata kazi ya kubeba viti." Sikucheka. Nikamkatia, nikampigia tena kumwomba radhi.

Jumamosi, 1 Machi

Anaandika. Amekubali. Ningekataa ningepewa nini, anasema.

Hanisemeshi sana. Naweka chakula, naondoka kama mhudumu wa hoteli.

Jumamosi, 15 Machi

Leo kaniita mwenyewe. Shikamoo kwanza, halafu njoo usikilize. Moyo wangu!

Kwenye kompyuta kuna vyombo vyote. Wimbo wangu unaanza na pembe moja peke yake, mbali, kama mtu yuko ng'ambo ya bonde. Halafu unavalishwa nguo mbalimbali, uleule, mara haraka, mara wa huzuni. Chini yake fidla kubwa zinavuta ile sauti isiyokoma. Na noti ya nne imepandishwa, limau. Nikasema mimi sikuimba hivyo. Anajua. Kondakta ameomba, wasikilizaji wasikie kijiji.

Kijiji cha nani?

Akaniuliza nyumbani wimbo huu unapigwaje hasa. Nikamweleza. Kwetu Usambara bibi harusi anatolewa nyumbani na tarumbeta za kanisani. Wanaume wanane, kumi, shaba inang'aa, wanapuliza polepole sauti nne zimeshikana, na mama wa binti anasimama mlangoni haruhusiwi kufuata. Mimi nilitolewa hivyo. Mama yangu alishika fremu ya mlango.

Neema akaandika kitu. Akasema mwisho wa muziki ataziacha tromboni, zile tarumbeta nzito, peke yake, sauti nne, hivyohivyo.

Nimelia. Yeye kanipa taulo la friji kufutia uso.

Jumatano, 2 Aprili

Ee Mungu.

Kazini nilikuwa natandika kitanda cha Bibi Hilde. Mzee sana, mpole, asubuhi nyingine hata jina lake halikumbuki. Nikawa naimba chinichini wimbo wa harusi, si uko kichwani wiki zote hizi. Nikasikia nyuma yangu mtu anaimba.

Wimbo wangu. Wote. Kwa Kijerumani.

Shuka likanidondoka.

Nikarudia mwanzo, akaimba tena. Hakosei hata panapopanda. Nikamuuliza kaupata wapi. Kijijini kwao, alipokuwa mtoto. Waliimba msichana akiondoka nyumbani kwenda kuolewa. Nikamwambia na sisi pia! Akaniangalia kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

Halafu akasema kijiji chao Wajerumani na Wacheki walikaa pamoja, na Wacheki waliuimba kwa maneno yao. Baba yake na jirani Mcheki walikuwa wanagombana kilabuni, wetu, wetu, mpaka meza inapinduka. Baada ya vita wao Wajerumani wakafukuzwa wote. Wimbo wakaenda nao, na Wacheki wakabaki nao.

Basi ni wamisionari. Wajerumani ndio waliotuletea tarumbeta na vitabu vya nyimbo. Bibi yangu alibatizwa nao. Mimi nilijua tarumbeta ni zao, tarumbeta hakuna asiyejua. Wimbo sikuwahi kuuliza. Nani anauliza wimbo wa harusi umezaliwa wapi?

Neema sijamwambia.

Alhamisi, 10 Aprili

Kijitabu cha onyesho kimechapwa. Neema kaleta kimoja. Nimesoma taratibu na kidole. Kinasema wimbo wa kale wa Wasambaa, ulioimbwa milimani kabla mgeni hajafika, uliohifadhiwa na mama wa mtunzi.

Kabla mgeni hajafika. Mgeni ndiye aliyeuleta kwenye begi.

Nani alisema hivyo? Mimi nilisema wa zamani, wa bibi. Zamani yangu na zamani yake hazikukutana.

Sili. Nikisema, wataunyofoa muziki wa mwanangu, rekodi hakuna, Montreal hakuna. Nikinyamaza, siku moja atasimama Mjerumani kwenye viti na kuuimba, na Neema ataitwa mwongo. Nageuka huku ukuta, huku ukuta. Ni kama ule mtego wa panya kazini, anaingia kwa harufu ya jibini, mlango unajifunga wenyewe. Mimi ndiye niliyeweka jibini.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemwambia. Nilikuwa nakaanga samaki, nikaona bora niongee nikiwa nimempa mgongo.

Nikageuka. Anacheka! Anacheka machozi yanamtoka, halafu yakawa machozi kweli.

Akanieleza. Yule Mjerumani wa ngoma za Kihungaria, moja iliyo maarufu kuliko zote alidhani ni ya watu wote, haina mwenyewe. Kumbe ilikuwa na mtunzi, mkuu wa bendi, yu hai kabisa. Na fundi mwingine wa piano, Mhungaria mwenyewe, akaandika kitabu kizima kwamba muziki wa bendi za Waroma, wale wahamaji wa Ulaya, ndio wa asili wa Waroma. Nyingi zilikuwa nyimbo za juzijuzi, zimetungwa na mabwana wa mjini, Waroma walizipiga tu kwa kazi, kwa ustadi wao. Baadaye watu wakaenda vijijini na mashine za kurekodi wakakuta wakulima wana nyimbo nyingine kabisa. Hata hao wakulima walishaazimana na majirani.

"Mama, kila aliyechimba mzizi alikuta reli inayotoka kwingine."

Mimi nikasema kwa hiyo wetu si wetu? Akafikiri. Akasema mama yako alishika mlango, siyo? Basi ni wenu. Kosa ni hiyo karatasi inayosema ni wenu tu, na ni wenu tangu Adamu.

Samaki waliungua. Tuliwala hivyohivyo.

Jumanne, 15 Aprili

Amekwenda kwa kondakta. Alitaka kitu kidogo, maneno yabadilishwe. Aandike tu wimbo wa harusi niliopewa na mama.

Kondakta hakufoka. Amesikitika. Vijitabu vimeshachapwa. Tena amesema, kama wimbo ni wa Ulaya, utakaaje mwisho wa onyesho hili, kwenye kiti cha Afrika? Ama maneno yabaki, ama muziki utoke.

Na kitu kingine. Tromboni za mwisho zikatwe. Zinasikika kanisa mno, zinavunja hali. Watu watatoka Afrika kabla ya muziki kwisha.

Sehemu moja tu niliyoitambua. Hiyo ndiyo si ya Afrika.

Neema kaniuliza nifanye nini, mama. Ana macho mekundu. Ningekuwa na shule ningejua la kusema. Nilisema maneno ni karatasi tu mwanangu, yaache, wakupigie, uchukue rekodi. Nilisema kwa woga. Najua ni woga. Aliitikia kwa kichwa kwamba sawa, na mabega yakashuka.

Jumamosi, 26 Aprili

Ukumbi ulijaa. Nimevaa kitenge, Neema aliniomba nisivae, nikavaa koti juu. Kondakta kakiona shingoni akafurahi.

Wale wengine walipigwa kwanza. Mcheki mzuri sana. Kila iliposikika ile sauti ya chini nikawa nacheka peke yangu, nchi gani, nchi gani. Baba Neema kanibana kiwiko.

Halafu wa Neema. Kabla ya kuanza kondakta akaongea. Milima. Mababu. Kabla ya mgeni. Akasema mama mwenye wimbo tuko naye. Akanyoosha mkono. Watu wakageuka.

Nilisimama. Wakapiga makofi. Sijui kwa nini nilisimama. Miguu ilisimama. Nilikuwa nimebana mkoba tumboni na natabasamu, na nilitaka sakafu inimeze.

Muziki ulikuwa mzuri. Nasema kweli. Pembe peke yake, ng'ambo ya bonde. Mwisho nikawa nasubiri tromboni, najua zimekatwa lakini nasubiri. Watu walioshika tromboni walikaa wamezilaza magotini. Fidla zikafifia. Makofi.

Nje mama mmoja alinishika mikono miwili, kaniuliza kama ni wimbo wa kuomba mvua. Nikasema ni wa harusi. Akasema anaona mvua kabisa.

Jumapili, 27 Aprili

Sikwenda kanisani. Nilimwambia Baba Neema kichwa. "Kichwa au makofi?" akauliza. Ananijua.

Neema kalala mpaka jua limekuwa kali. Nilimsikilizia mlangoni kama alipokuwa mchanga, anapumua?

Jumatatu, 5 Mei

Rekodi imefika. Safi, kila chombo unakisikia. Hata sauti ya kondakta imo, milima na mababu.

Neema kaisikiliza mara moja. Kaifunga. Amesema haitumi.

Nilianza kupiga kelele. Rekodi ndiyo hiyo! Tumepitia yote haya kwa ajili ya hiyo! Akaniacha mpaka nikaishiwa. Akasema wakinichukua kwa hiyo, mama, watanitaka niwe hiyo. Maisha yangu yote nitasimama ukumbini wakinipigia makofi.

Nikakumbuka miguu yangu. Nikakaa chini.

Jumatano, 7 Mei

Wenzake watatu wa chuoni wamekuja, fidla mbili na fidla kubwa ya kukaa. Wamehamisha meza yangu. Wamerekodi ule muziki wa kwanza, uliorudishwa, sebuleni hapahapa, na simu imesimamishwa kwenye mtungi wa sukari. Niliambiwa nisipike, mafuta yasilie. Nikakaa kitandani, nimeshika mikono. Wakikosea wanacheka na kuanza tena. Baadaye wamekula pilau yote, sufuria likabaki linang'aa.

Jioni ameutuma. Ameupunguza uwe wa vyombo vinne tu. Anasema huenda wakaukataa. Naye kala, sahani mbili.

Ijumaa, 9 Mei

Leo sina kazi. Neema kanipa nisikilize, kwa masikio yale ya kuvaa.

Nilikuwa sijawahi kuusikia wote. Aibu, lakini ndiyo hivyo. Mtoto kaandika nyumba yangu, na mimi nilikuwa namwambia atie kangoma.

Treni niliijua. Inakuja kwa mbali, inapita, dirisha linatetemeka kidogo. Theluji sikuijua mpaka akaniambia. Lakini kuna kitu tangu mwanzo, viola iko chini inavuta noti moja, haipandi haishuki. Vingine vyote vinatembea juu yake. Ikikoma kidogo unahisi nyumba imekosa mtu. Nikasema ahaa, hapo umeniwekea kijiji. Kijiji gani hiki?

Akanyoosha kidole jikoni.

Tukasikiliza wote wawili. Mmmmm. Noti ileile.

Saa nane mlango umegongwa. Fundi wa friji, na sanduku lake la vyombo, ameomba radhi kwa kuchelewa. Nimempa chai na andazi. Nimemwambia arudi mwezi ujao.